RX-8 au Altezza: rota ya pembetatu na pistoni nne, mbele ya mnunuzi wa Lubumbashi

Kijana mmoja wa Katuba alinijia garajini na karatasi mbili za mnada wa Japani ndani ya simu. Magari mawili, bei zimekaribiana, yote ya gia za mkono, yote yameandikwa farasi 210. La kwanza Mazda RX-8, la pili Toyota Altezza RS200. Akaniambia, "Yaya, hii Mazda injini yake ni 1,308. Altezza ni 1,998. Si nichukue Mazda? Farasi ni wale wale, halafu esanse itakula kidogo kama Vitz."

Hesabu hiyo angeifanya mtu yeyote mwenye akili, na ndiyo inayowaumiza wanunuzi wa RX-8 hapa mjini. Namba 1,308 si ya uongo. Lakini imepimwa kwa namna isiyolingana na namba 1,998, na ukiziweka bega kwa bega bila kujua kilicho ndani, unalinganisha debe na ndoo. Nilimwambia akae, kwa sababu nilikuwa na injini ya rota imefunguliwa mezani siku hiyo, na jambo hili ni rahisi kulielewa ukilishika mkononi.

Altezza inafanya kazi kama injini nyingi tunazozijua. Silinda nne, kila moja na pistoni yake. Pistoni inashuka ikivuta hewa na esanse, inapanda ikiigandamiza, bujie inawasha (wenzetu wa Dar huiita plagi), moto unaisukuma pistoni chini, kisha inapanda tena kutoa moshi. Safari nne, na kwa safari hizo krenki, yaani vilebreken, imezunguka mara mbili. Kwa hiyo katika mzunguko mmoja wa krenki ni silinda mbili tu kati ya nne zinazovuta hewa. Gari la sentimita za ujazo 1,998 linameza 999 kwa kila mzunguko. Kumbuka namba hiyo, tutairudia.

Sasa njoo kwenye rota. Hakuna silinda, hakuna pistoni, hakuna vali hata moja, hakuna kemushafti. Kuna nyumba ya chuma ambayo ukiitazama usoni ina umbo la karanga yenye maganda mawili, pana pande mbili na imebonyea kidogo katikati. Ndani yake imekaa pembetatu nene yenye pande zilizovimba. Hiyo ndiyo rota. Ncha zake tatu hugusa ukuta wa nyumba wakati wote, kwa hiyo kati ya rota na ukuta hupatikana vyumba vitatu vilivyotengana. Rota inapozunguka haikai katikati, inatembea huku ikiyumba, na kwa kuyumba huko kila chumba kinapanuka, kinabana, kinapanuka tena, kinabana tena. Kupanuka kwa kwanza ni kuvuta hewa kupitia tundu lililo wazi. Kubana ni mgandamizo. Bujie zinawasha, chumba kinapanuka kwa nguvu ya moto. Kubana kwa mwisho kunasukuma moshi nje kupitia tundu jingine. Ni hatua nne zile zile za Altezza, ila hapa zinafuatana kwa kuzunguka nyumba badala ya kupanda na kushuka mahali pamoja. Matundu yanafunguliwa na kufungwa na rota yenyewe inapopita, ndiyo maana vali hazihitajiki.

Kijana akauliza swali zuri ambalo hata mafundi huliruka: moto unasukuma pembetatu, sawa, lakini nini kinaizungusha shafti? Wengi hudhani ni gia, kwa sababu ukiifungua injini unaona gia ndani ya rota. Rota ina meno 51 kwa ndani, nayo yanashikana na gia ndogo ya meno 34 iliyofungwa kwenye ukuta wa pembeni na isiyozunguka kabisa. Gia hizo kazi yake ni moja, kuhakikisha rota inageuka kwa mpangilio wake ili ncha zisigonge ukuta. Hazibebi nguvu inayosukuma gari.

Nguvu inapita katikati ya rota. Shafti inayopita humo si fimbo nyoofu. Ina bonge la duara ambalo kitovu chake kimehama milimita 15 kutoka kitovu cha shafti, na rota imevaa bonge hilo kama pete. Moto unapoukandamiza upande mmoja wa rota, msukumo wake wote unaelekea kwenye kitovu cha rota. Kwa kuwa kitovu hicho kiko milimita 15 pembeni, msukumo unalizungusha bonge, na shafti inaenda nalo. Nilishika shafti ile mkononi, nikamwambia asukume bonge kwa kidole gumba. Ikageuka. Hapo hapo akaelewa kwamba bonge ni kiwiko cha krenki kilichonenepa, na kwamba rota ni pistoni na konrodi kwa pamoja.

Tofauti iko kwenye vipimo. Kiwiko cha Altezza kina milimita 43, kwa sababu pistoni yake husafiri milimita 86. Cha rota ni 15 tu, karibu theluthi moja. Lakini uso wa pistoni ya Altezza una sentimita mraba 58, na upande mmoja wa rota, ukiupima kwa mstari mnyoofu kutoka ncha hadi ncha na kuzidisha kwa upana wake, unafika kama 145. Mkono mfupi, kiganja kipana. Ukizidisha uso kwa kiwiko, injini hizi mbili hazijaachana sana. Nani amesukumwa zaidi na nani amesukumwa vizuri zaidi ni swali la mbele kidogo.

Kwa meno 51 na 34, rota inajizungusha mara moja shafti ikizunguka mara tatu. Katika mzunguko huo mmoja wa rota, kila upande kati ya tatu unapata moto wake mara moja. Moto mara tatu kwa mizunguko mitatu ya shafti, yaani kila rota inatoa moto mmoja kwa kila mzunguko wa shafti. RX-8 ina rota mbili, kwa hiyo ni mioto miwili kwa mzunguko, sawa kabisa na silinda nne za Altezza.

Na hapa ndipo 1,308 inapofunuka. Chukua vipimo vya injini yenyewe: bonge limehama milimita 15, kutoka kitovu cha rota hadi ncha ni milimita 105, unene wa rota ni milimita 80. Ujazo unaovutwa na chumba kimoja ni:

```
3 × √3 × 15 × 105 × 80 = 654,715 mm³, yaani kama 654 cc
```

Rota mbili ni 1,308. Namba iliyo kwenye karatasi ya mnada imehesabu chumba kimoja tu kwa kila rota, wakati kila rota ina vyumba vitatu vinavyofanya kazi kwa zamu. Kwa kila mzunguko wa shafti, chumba kimoja cha kila rota kinakamilisha kuvuta hewa. Kwa hiyo RX-8 inameza 1,308 kamili kwa kila mzunguko. Altezza inameza 999. Injini iliyoandikwa ndogo ndiyo yenye koo pana. Ukitaka kuilinganisha kwa haki na injini ya pistoni, iite ya lita 2.6.

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi si kama Vitz." La, si kama Vitz.

Lakini ngoja, usiitupe bado. Kuna vitu rota inavifanya ambavyo hakuna pistoni itakayovifanya, na mimi nimeipenda injini hii tangu nilipoisikia mara ya kwanza, kwa hiyo nitaisema vizuri inapostahili. Pistoni za Altezza zikiwa kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika, kila moja inasimama kabisa na kugeuka mara 15,200 katika dakika hiyo. Kila kusimama ni chuma kuvutwa na kusukumwa upya. Rota haisimami. Shafti ikiwa kwenye 7,500, rota yenyewe inageuka mara 2,500 tu, kwa utulivu, upande mmoja. Tena katika pistoni msukumo wa moto unachukua nusu ya mzunguko wa krenki. Katika rota hatua hiyo inachukua robo tatu ya mzunguko wa shafti. Kwa kuwa rota ya pili iko nusu mzunguko nyuma ya ya kwanza, moto wa moja haujaisha wakati wa nyingine unaanza. Ndiyo maana ukiweka glasi ya maji juu ya injini ya RX-8 iliyo salama, maji hayachezi. Na injini yenyewe ni fupi na nyepesi kiasi kwamba wameisukuma nyuma, karibu na miguu ya dereva, na gari linakata kona kama limeshikwa mkono. Barabara ya kwenda Likasi, kilomita 120, gia ya tano, mizunguko inapanda bila kuchoka: atakayeliendesha hapo atanielewa.

Felix Wankel, Mjerumani aliyeibuni, na kampuni ya NSU waliiwasha ya kwanza mwaka 1957. Mazda waliichukua na kuanza kuuza gari la rota mbili mwaka 1967, na hawakukata tamaa nayo hata wengine walipoiacha. Sababu ya wengine kuiacha ndiyo hiyo inayokuja.

Esanse inaenda wapi

Tazama nguvu ya kuzungusha iliyotangazwa na watengenezaji. RX-8 ya farasi 210 hutoa nyutoni-mita 222. Altezza hutoa 216. Karibu sawa. Lakini RX-8 imemeza 1,308 kwa mzunguko kupata hizo 222, na Altezza imemeza 999 kupata 216. Gawanya: rota inapata kama nyutoni-mita 170 kwa kila lita ya mchanganyiko iliyomeza, pistoni inapata 216. Kwa kila lita tano unazowasha kwenye rota, moja imepotea ambayo pistoni ingeitumia.

Inapotelea sehemu tatu. Ya kwanza ni joto. Chumba cha moto cha pistoni ni kifupi na kimekusanyika, kama sufuria. Cha rota ni kirefu na chembamba, kama sinia, na sinia hupoa haraka. Joto ambalo lingesukuma linaingia kwenye chuma na maji ya rejeta. Ya pili ni mwendo wa moto wenyewe. Chumba kinasafiri wakati kinawaka, na moto hauwahi kufika kwenye kona ya nyuma ya chumba kabla haijabanwa. Ndiyo maana kila rota ina bujie mbili, moja inatangulia na nyingine inafuata, na bado esanse kidogo inatoka haijaungua. Weka mkono mbali na ekzosi ya RX-8, kwa sababu joto lililokosa kazi linatokea huko. Ya tatu ni kuvuja, na hiyo nitaieleza peke yake.

Kwa msongamano wa mjini kwetu, RX-8 hula lita 14 au 15 kwa kilomita 100. Altezza hula 10 au 11. Ukitembea kilomita 1,000 kwa mwezi, ni kama lita 40 za ziada kila mwezi. Juu ya hiyo, rota inakula oili kwa makusudi. Kuna pampu ndogo inayochukua oili kutoka kwenye sampu na kuidondosha ndani ya chumba cha moto, ili ncha za rota zisisugue ukuta mkavu. Hesabu takriban lita moja kwa kila kilomita 2,000. Fundi asiyejua ataona oili imepungua, aseme injini imechoka. Rota isiyokula oili ndiyo ya kuogopwa: huenda pampu hiyo imekufa.

Sili za ncha

Nilimpa kijana sili moja ya ncha aishike. Ni kipande cha chuma chenye unene wa milimita 2 na urefu wa upana wa rota, kinalala kwenye kiganja na husikii uzito wake. Kila ncha ya rota ina mfereji, sili inakaa humo, springi ndogo na msukumo wa gesi vinaikandamiza dhidi ya ukuta. Kitu hicho peke yake ndicho kinachotenganisha chumba kinachowaka na chumba cha jirani.

Segma za pistoni zina maisha mepesi ukilinganisha. Ziko tatu, zimeviringika ndani ya silinda ya mviringo, zinakaa wima kwenye ukuta wakati wote, na oili inazifikia kutoka chini kila krenki inapozunguka. Sili ya ncha iko moja, inagusa ukuta kwa mstari tu, na kwa sababu ya umbo la karanga inaegemea mbele na nyuma hadi nyuzi 25 kila upande. Mwanzoni Mazda walihangaika na alama za mikwaruzo kama mawimbi kwenye kuta, walizoziita kucha za shetani, zilizotokana na sili kutetemeka. Tatizo hilo walilimaliza. Uchakavu hakuna aliyeumaliza.

Uchakavu huanzia wapi kwenye RX-8 zinazofika hapa? Mara nyingi si kwenye sili zenyewe. Huanzia kwenye bobini, zile koili nne za kuwashia bujie. Zinachoka mapema, cheche inakuwa dhaifu, esanse isiyoungua inatoka na kuungulia ndani ya katalisti. Katalisti inayeyuka na kuziba. Moshi unakosa njia, joto linarudi ndani, na sili zinapikwa. Mwenye gari alisikia gari limekuwa zito tu kwa miezi kadhaa, akadhani ni esanse mbaya.

Kupima kabla ya kulipa

Haya yalitokea mwaka jana. Mteja alinileta Kampemba kuona RX-8 nyeupe iliyokuwa imepita Kasumbalesa wiki mbili kabla. Muuzaji aliiwasha mbele yetu ikiwa baridi, ikashika mara moja, ikatulia vizuri. Mteja alikuwa tayari kuhesabu pesa. Nikaomba tuzunguke nayo dakika ishirini, joto la Oktoba, hadi sindano ya maji itulie katikati. Tuliporudi nikaizima, nikahesabu dakika mbili, nikawasha. Demara ikazunguka, ikazunguka, injini ikakataa.

Hiyo ndiyo dalili kuu. Ikiwa baridi, oili nzito na chuma kilichokaza vinasaidia kuziba. Ikiwa moto, sili iliyochakaa inavujisha, mgandamizo hautoshi, moto haushiki. Muuzaji anayekataa usiizime na kuiwasha ikiwa moto amekwisha kukujibu.

Tulitoa bujie, nikaweka geji ya kompresheni. Hapa kuna kosa ambalo mafundi wa pistoni hulifanya kila siku. Geji ya kawaida ina kivali kidogo kinachoshikilia namba ya juu kabisa. Kwa silinda ni sawa, kwa sababu tundu moja ni silinda moja. Kwenye rota, mbele ya tundu la bujie hupita vyumba vitatu kwa zamu, na geji itakuonyesha kilicho bora na kuwaficha wagonjwa wawili. Toa kile kivali. Sindano itaruka mara tatu, ikianguka kila mara, na utasoma kila ruko. Wapo wanaoirekodi kwa kamera ya simu ili waisome polepole baadaye, na mimi nafanya hivyo.

Mazda wanasema injini mpya ya aina hii ifike bari 8.3, na chini ya 6.8 imekwisha, demara ikizunguka mara 250 kwa dakika. Vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu, hewa ni nyepesi karibu sehemu moja kwa nane, kwa hiyo kwetu nzuri ni kama 7.2 na ya kuzika ni chini ya 5.9 hivi. Usiizike injini nzima kwa kusoma kitabu cha pwani. Na hakikisha betri imejaa, maana demara inayozunguka polepole inashusha namba bila kosa la injini.

Rota ya mbele ilisoma 6.9, 7.0, 6.8. Nzuri sana. Rota ya nyuma: 6.5, 4.8, 4.7. Sikiliza namba hizo mbili za mwisho. Sili ya ncha iko kati ya vyumba viwili, kwa hiyo ikifa inavujisha pande zote mbili, na utaona vyumba viwili jirani vimeshuka pamoja. Kingeshuka chumba kimoja tu, ningeshuku sili za pembeni, zile zinazoziba kati ya rota na bamba la upande. Kwa hiyo nilimwambia mteja, "Papa, hii ni sili moja ya ncha kwenye rota ya nyuma." Akauliza kama tunaweza kuibadilisha hiyo moja.

Tunaweza kuifikia kwa kufungua injini yote. Na hapo ndipo Altezza inashinda bila ubishi, hapa mjini.

Matengenezo mtaani kwetu

Silinda ya Altezza ikisoma chini, unamimina kijiko cha oili kupitia tundu la bujie na kupima tena. Ikipanda, ni segma. Isipopanda, ni vali. Unajua pa kwenda kabla hujafungua bolti. Bloki yake ni chuma cha kawaida, na ikichakaa unaipeleka kwa wachongaji, wanaipanua, wanaweka pistoni kubwa zaidi au shemizi mpya. Kazi hiyo inafanyika kila juma mjini hapa, na wanaoijua ni wengi.

Rota imejengwa kama mkate wa vipande: bamba, nyumba ya rota, bamba la kati, nyumba nyingine, bamba la mwisho, vyote vimebanwa kwa bolti ndefu zinazopita kote. Kugusa sili moja ni kuvipanga vipande vyote upya na sili zote mpya na mipira yote ya maji. Halafu unatazama ukuta wa nyumba. Umepakwa kromu nyembamba, na ukikuta kromu imemenyuka, hakuna mchongaji wa Lubumbashi atakayekusaidia, kwa sababu umbo la karanga halipanuliwi kwa mashine ya silinda. Unaagiza nyumba nyingine kutoka Japani na kungoja. Nimeona gari likingoja miezi saba, limefunikwa turubai, mwenyewe anapanda teksi.

Na ulinde maji yake kuliko ya injini yoyote. Moto wa rota huwaka upande ule ule wa nyumba daima, na upande wa pili hupozwa daima na hewa inayoingia. Upande mmoja unavimba, mwingine hapana. Ikichemka mara moja tu kwenye msongamano, mipira ya kuziba maji kati ya vipande inaachia. Utaiona kwa mapovu kwenye kopo la maji na moshi mweupe asubuhi. Maji ya bomba kwenye rejeta ya RX-8 ni kuikaribisha siku hiyo.

Altezza nayo si malaika. Ina mkanda wa mpira wa taimingi ambao hupaswi kuuvusha kilomita 100,000, na gari la mnada likija bila karatasi ya kubadilisha mkanda, ubadilishe kabla ya kulitembeza, maana ukikatika pistoni zinaweza kugonga vali. Injini yake inataka kupandishwa mizunguko ndipo itoe farasi wake, kwa hiyo anayetaka nguvu ya chini atasikitika kwa yote mawili. Zaidi ya hapo sina la kuiogopea.

Jibu nililompa kijana lilitegemea maswali matatu. Gari hili ndilo la kwendea kazini kila siku? Alisema ndiyo. Safari zako ni za muda gani? Akasema kutoka Katuba hadi mjini, dakika kumi na tano, mara nyingine anasogeza gari tu uani na kulizima. Hilo la mwisho ni baya kwa rota kuliko vyote: ikiwashwa baridi na kuzimwa papo hapo, esanse inabaki imeosha oili ukutani na bujie zinalowa, na asubuhi haiwaki. (Ikikupata, kanyaga mafuta hadi mwisho huku ukizungusha demara. Kompyuta itakata esanse na hewa itavikausha vyumba.) Swali la tatu lilikuwa kama ana pesa ya kufungua injini kando ya pesa ya kununua gari. Hana.

Akachukua Altezza. Mkanda tumeubadilisha wiki iliyofuata.

Yule Papa wa RX-8 nyeupe naye alikuwa na majibu mengine. Ana Prado ya nyumbani, anataka gari la Jumapili la barabara ya Likasi, anapima oili mwenyewe kila anapojaza tangi mara mbili. Aliiacha ile nyeupe, akangoja miezi mitatu, tukapima nyingine ya bluu iliyosoma 7.1, 7.0, 7.1 mbele na 6.9, 7.0, 6.9 nyuma, na iliyowaka ikiwa moto kabla sijaachia ufunguo. Bobini nne mpya na bujie nne tulizifunga kabla haijatoka garajini, na katalisti tuliifungua kuitazama ndani kwa tochi. Ilikuwa wazi mpaka upande wa pili.